Jeli ya altrasaundi si ya kulainisha ngozi tu, na probu haibonyezwi ovyo

Wiki hii nimeambiwa tena kwamba jeli ya altrasaundi ni ya kulainisha ngozi ili probu, kile kichwa cha mashine kinachopitishwa juu ya ngozi, iteleze, kwa hiyo ikiisha kituoni mtu apake vaseline au mafuta ya alizeti aendelee na kazi. Safari hii aliyesema ni mhudumu wa afya wa hapa hapa mkoani Dodoma, ndiyo maana naandika.

Probu hutuma sauti kali mno isiyosikika kwa sikio, kwa tumbo la mtu mzima kama mitetemo milioni 3.5 kwa sekunde, kisha inanyamaza na kusikiliza mwangwi. Mashine inachukulia kwamba sauti inakwenda mita 1,540 kwa sekunde ndani ya nyama. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu 130 za milioni moja za sekunde, inaweka nukta kwenye kina cha sentimita 10. Mwangwi ukiwa na nguvu nukta inang'aa, na pasipo na mwangwi, kama ndani ya mkojo, panabaki peusi. Hakuna mionzi ya eksirei hapo.

Sasa weka hewa kidogo tu kati ya probu na ngozi. Sauti ikigonga mpaka wa hewa, zaidi ya asilimia 99 inarudi papo hapo bila kuingia mwilini. Vinyweleo, jasho lililokauka na mikunjo ya ngozi vyote vinashika hewa, na kazi ya jeli ni kuiondoa na kujaza nafasi yake kwa kitu kinachopitisha sauti karibu kama nyama. Kuteleza ni faida ya ziada.

Jeli ikipungua, kioo kinakuambia: mstari mweusi unaanzia juu kabisa, kwenye ngozi, na kushuka hadi chini. Kivuli cha jiwe la nyongo hakianzii hapo. Kinaanzia ndani, chini ya ukingo unaong'aa. Nimeona watu wakiandika ripoti bila kutofautisha viwili hivi, na inaniuma, kwa sababu mgonjwa ndiye anayebeba gharama. Kuhusu mafuta: sauti yanapitisha, lakini yanaharibu mpira wa uso wa probu. Maji safi yanafaa, ila yanatiririka na kukauka haraka. Uji mwepesi wa wanga uliochujwa na kupoa nao unafaa, mradi upikwe siku hiyo hiyo.

Malalamiko ya pili ni kwamba tunakandamiza wagonjwa. Kuna mama aliyeletwa kutoka upande wa Bahi, siku chache baada ya kujifungua, mguu wa kushoto umevimba hadi pajani. Shangazi yake alisimama pembeni akaniambia, "Mwanangu, mguu wenyewe unauma, unaubonyeza wa nini?" Nikamjibu, "Shangazi, tunatafuta damu iliyoganda, na kubonyeza ndicho kipimo chenyewe."

Nilianza kwa kinyume chake. Nilipaka jeli nene kwenye kinena, nikaishika probu nyembamba ya masafa ya juu ikae juu ya jeli bila kuulemea mwili. Vena ina kuta laini, na uzito wa mkono peke yake unaweza kuifunga isionekane kabisa. Zikatokea duara mbili: ateri inayodunda, na vena pembeni yake. Ndipo nikabonyeza wima. Vena nzima inafunga, kuta zikagusana, kisha inafunguka ukiachia. Yenye damu iliyoganda haifungi. Ya mama huyu ilibaki duara hata ateri ilipoanza kubonyea, na hiyo ndiyo alama kwamba nguvu imetosha.

Kwa kawaida tunashuka hivyo, kila sentimita moja au mbili, hadi nyuma ya goti. Nilipoona bonge limejaa pale kinenani sikurudia kubonyeza mahali pale. Picha moja kabla na moja wakati wa kubonyeza zilitosha, nikampigia daktari wa wodi aanze dawa ya kuzuia damu kuganda.

Nguvu ya kubonyeza haina namba. Hakuna kipimo kwenye probu, kuna ateri tu ya kukuongoza, na kwenye paja lililovimba sana hata ateri haisaidii sana. Kutofautisha bonge jipya na la zamani nako hunipa shaka mara nyingi, kwa sababu yote mawili yanazuia vena isifunge. Na vena zilizo ndani ya nyonga hazibonyezeki kabisa. Kwa hiyo mguu ukiwa umevimba wote na vena za paja zikafunga vizuri, siandiki kwamba hakuna damu iliyoganda. Naandika nilichobonyeza na nisichoweza kubonyeza, natafuta mwendo wa damu kinenani kwa dopla, na naomba kipimo kirudiwe baada ya wiki moja.