Kugandamizwa si kugandishwa

Juzi nilikuwa kwenye makorongo ya Isimila, nje kidogo ya Iringa, na kijana mmoja akawa anawaelekeza wenzake: “Mchanga uligandamizwa miaka na miaka ukawa jiwe. Hiyo ndiyo dayajenesisi.” Hii ni mara ya ngapi sijui kuisikia.

Dayajenesisi ni mabadiliko yote yanayolipata shapo, yaani mchanga au tope lililotuama, tangu lifunikwe hadi joto lifike nyuzi 200 hivi za Selsiasi. Zaidi ya hapo tunaingia kwenye miamba geu, ile iliyobadilishwa na joto kali na mgandamizo. Neno lina asili ya Kigiriki, “dia” ni kupitia na “jenesisi” ni kuzaliwa, na mwanajiolojia Mjerumani Gümbel alilitumia mwaka 1868. Hakuna mahali linapotaja kugandamiza. Sisi ndio tumelipunguza hivyo, nadhani kwa sababu kugandamiza na kugandisha yanafanana mdomoni.

Chukua ndoo ya lita 20 ya mchanga safi wa mto. Punje zenyewe ni kama lita 12; lita 8 zilizobaki ni nafasi za katikati, ambako maji hukaa. Uzito wa tabaka za juu husukuma punje zikae vizuri, maji yakatoka, na nafasi zikashuka hadi lita 4 hivi. Basi, mgandamizo umemaliza sehemu kubwa ya kazi yake. Ukiutoa mchanga huo sasa hivi, utamwagika. Muulize fundi matofali yeyote wa Uyole: shindilia mchanga mtupu kwenye kibao uwezavyo, ukiinua kibao huna tofali. Kinachokosekana ni saruji.

Ardhini saruji huletwa na maji yenyewe. Mchanga ukizama kilomita 2 hivi, joto hufika nyuzi 70 au 80. Punje za kwazi, madini magumu yaliyo mengi mchangani, zinapogusana kwa nguvu huyeyuka kidogo kidogo majini kwenye maungio, na kile kilichoyeyuka, yaani silika, hutua tena pembeni, kwenye nafasi wazi, kama ngozi mpya juu ya punje ya zamani. Ngozi za majirani zikikutana, punje zimefungana; huko ndiko kugandishwa. Kazi hiyo huchukua mamilioni ya miaka. Kwingine saruji ni chokaa, na tone la asidi huifanya itoe povu. Kwingine ni oksidi ya chuma, ndiyo inayopaka wekundu mawe ya mchanga ya bonde la Rukwa.

Na wanaosema mchanga “ulipikwa” nao wanavuka mpaka. Vunja jiwe: la mchanga wa kawaida hupasuka likizunguka punje, mkononi ukabaki ukakasi. Kwazaiti, ambalo ni mwamba geu, hupasuka likikata punje katikati, uso ukang’aa.

Kijana wa Isimila nilimwonyesha kipande kilichokuwa kimeanguka chini ya nguzo mojawapo ya mchanga zinazosimama korongoni. Alikisugua kwa dole gumba, kikamrudia mchanga kiganjani. “Huu umegandamizwa, mdogo wangu,” nikamwambia, “ila bado haujagandishwa vizuri.”