Mkoba wa wakili si maficho

"Nikimkabidhi wakili makaratasi yangu yote, si mahakama haiwezi tena kuyagusa?"

Inaweza. Nami niliwahi kuamini kwamba ofisi ya wakili ni kama shimo: kitu kikishatumbukia humo hakionekani tena. Nilichanganya vitu viwili, mazungumzo na vinavyozungumzwa.

Nchini Kenya jambo hili limo katika Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kifungu cha 134. Wakili hatoboi alichoambiwa na mteja katika kazi hiyo, ushauri aliompa, wala yaliyomo kwenye hati alizoziona humo, mpaka mteja mwenyewe aridhie. Siri ni ya mteja, wakili ni mtunzaji tu, na hata kazi ikiisha mdomo wake hubaki umefungwa. Karani na mkalimani wake nao wamo.

Sasa mchukue mwenye duka anayedaiwa mkopo. Ana daftari la mauzo, naye anamwandikia wakili barua: "Tarehe 3 nilipokea 400,000 taslimu, nifanyeje?" Barua hiyo imelindwa. Daftari je? Lilikuwapo kabla ya wakili kujulikana, kwa hiyo anaweza kuamriwa alitoe, hata likiwa kabatini kwa wakili. Ukimpelekea jirani kuku akufugie, kuku hageuki kuwa wa jirani. Kizimbani ni vivyo hivyo. Akiulizwa, "Ulimwambia nini wakili wako?" kwa kawaida ana haki ya kukataa. Akiulizwa, "Ulipokea 400,000?" hawezi kujibu kwamba hilo alishamwambia wakili. Fedha zilipokewa dukani, si katika barua.

Na kama shemeji alikuwa ameketi humo ndani mkizungumza? Hapo jibu si moja. Inategemea alikuwa na kazi gani pale, kwani aliyekuja kutafsiri si sawa na aliyekuja kusindikiza.

Kinachonifurahisha zaidi ni mpaka wa uhalifu. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, ambayo ya Kenya imetokana nayo na iliyotumika huko hadi mwaka 2024, iliuchora kwa mifano. Mteja akisema, "Nimeghushi hati, nitetee," maneno hayo yamelindwa, maana kumtetea mkosaji si kosa. Akisema, "Nina hati ya kughushi, nifungulie kesi nipate shamba kwa hiyo," ulinzi hakuna, kwa sababu anamtaka wakili awe chombo cha kosa lijalo.

Mfano wa tatu hauna hata neno lililosemwa. Mtu ameshtakiwa kwa ubadhirifu. Kesi ikiendelea, wakili wake anagundua kwamba kitabu cha hesabu kina mstari unaoonyesha fedha zile zile zinazodaiwa kuibwa, na mstari huo haukuwapo siku alipoanza kazi. Hakuna aliyemwonyesha, ameuona tu kwa macho yake. Huo haulindwi.