Nani kasema picha haihitaji kusomwa?

Wiki iliyopita nimeletewa kazi nyingine ya katuni kuhusu vikundi vya hisa, vile ambavyo watu huweka akiba kwenye sanduku moja na kukopeshana, na maelekezo yalianza na sentensi ileile: "Walengwa wengi hawajui kusoma, kwa hiyo tumia picha, picha kila mtu anaielewa." Nimeisikia mara nyingi mno. Picha nayo husomwa, na kuisoma hufundishwa kama herufi zinavyofundishwa. Sisi tuliokulia kwenye vitabu vya shule na televisheni tumesahau tu kwamba tulifundishwa.

Nitaeleza kwa kazi moja niliyoifanya kusini, kwenye vijiji vya korosho. Katuni ilikuwa ya dakika nne, na lengo lake lilikuwa moja: mwanachama aelewe kwa nini siku ya kuvunja sanduku, yaani ya kugawana fedha zote, watu hawapati sawa. Mambo mengine ya kikundi, yaani kufuli tatu, watunza funguo, mfuko wa jamii na faini za kuchelewa, watu huyajua vizuri kwa sababu huyaona kila wiki. Mgao huonekana mara moja tu kwa mwaka, na ndiko ugomvi unakozaliwa.

Hesabu tuliyoichagua ilikuwa nyepesi. Hisa moja ni shilingi 2,000, na kila mkutano mtu hununua kuanzia moja hadi tano. Kikundi kina watu 20, na mwisho wa mzunguko wamenunua hisa 1,000 kwa jumla, yaani 2,000,000. Riba za mikopo na faini zimeongeza 500,000. Sanduku lina 2,500,000, ukigawa kwa hisa 1,000 kila hisa inarudi na 2,500. Mwenye hisa 40 aliweka 80,000, anachukua 100,000. Mwenye hisa 20 aliweka 40,000, anachukua 50,000.

Kwenye rasimu ya kwanza nilichora sanduku linafunguliwa, fedha zinamwagwa mkekani, kisha mafungu mawili: kubwa kwa mama mwenye kilemba cha njano, dogo kwa mwenye kilemba cha kijani. Kwangu mimi ilikuwa wazi kabisa. Tukawaonyesha akina mama kumi na mmoja chini ya mwembe, bila sauti. Sikuuliza "mmeelewa?", kwa sababu jibu la swali hilo ni "ndiyo, mwanangu" siku zote, na ni jibu la adabu tu. Niliwaomba wanisimulie walichokiona. Mmoja akasema yule wa njano ni ndugu yake mwenyekiti. Wengine wakakubaliana naye, na hadithi ikakamilika: kikundi kina upendeleo. Picha ilikuwa imethibitisha uvumi uleule tuliotumwa kuuondoa.

Kosa lilikuwa kwamba fungu halikuonyesha limetoka wapi. Tuliporudia, tulitoa mafungu yote na kuanza na vitabu vya wanachama hao wawili vikiwa wazi mkekani, ambamo kila hisa iliyonunuliwa hugongewa muhuri mmoja. Mama wa njano ana mihuri minne kwenye mstari wake, wa kijani ana miwili. Mkono unaweka noti ya simba juu ya muhuri wa kwanza, kisha sarafu ya mia tano juu ya noti. Unahamia muhuri wa pili: noti, sarafu. Haraka hakuna. Mihuri ya kijani inaisha, mkono unasimama. Kwa njano unaendelea mara mbili zaidi. Hapo hakuna anayehitaji kugawanya milioni mbili na nusu kwa elfu moja. Anahitaji kulinganisha kitu na kitu, na hilo mtu aliyepima karanga kwa kopo sokoni maisha yake yote analiweza kuliko mimi. Noti tulizichora kwa rangi na mnyama wake, maana asiyesoma tarakimu huitambua elfu mbili kwa simba na elfu kumi kwa tembo. Zile "fedha" za kijani zenye alama ya dola, ambazo wachoraji wengi huzinakili mtandaoni, naomba ziachwe.

Alama ya X ndiyo iliyonifunza zaidi. Katika kitabu, visanduku ambavyo mwanachama hakununulia hisa siku hiyo hufutwa, ili asije mtu kugonga muhuri baadaye. Nilichora X nyekundu. Watazamaji wakanyamaza, kisha bibi mmoja akauliza kitabu kile kimekosa nini mpaka kibomolewe. X nyekundu wao wameiona kwenye kuta za nyumba zilizo ndani ya hifadhi ya barabara. Tukaiondoa. Sasa kalamu ya buluu inapita mstari mmoja wa mlalo kwenye vitabu vya wote, mbele ya wote, kabla sanduku halijafungwa.

Sasa tuje kwenye kurudia, ambako wateja hunichosha kweli. Wakiambiwa katuni ya watu wazima wasiosoma inahitaji marudio, hufikiri msimulizi aseme sentensi mara tatu. Hiyo humchosha msikilizaji na haimwongezei kitu. Kinachorudiwa ni tukio zima, kwa mpangilio uleule na pembe ileile ya kamera: kufuli tatu zinafunguka kwa milio mitatu, majina yanaitwa, fedha zinahesabiwa, muhuri unagonga, kufuli zinafungwa. Kila mzunguko unaongeza kitu kimoja tu. Wa kwanza ni kununua hisa. Wa pili, baada ya muhuri, mtu anakopa. Wa tatu anarejesha na kuongeza riba, na tunaiona riba ikiingia sandukuni. Wa nne ni mgao. Utajua marudio yamefanya kazi watazamaji wakianza kusema kabla ya picha: "Sasa anagonga muhuri."

Lakini ukirudia kwa usawa kupita kiasi, watu hudhani video imekwama. Tulipobadilisha nguo za wahusika ili kuonyesha kwamba siku zimepita, wakadhani ni watu wengine, kwa kuwa mhusika walimtambua kwa kilemba chake na si kwa uso niliouchora kwa siku mbili. Suluhisho likawa nyuma yao: vilemba vilevile, ila mkorosho ulio nyuma unachanua, kisha unabeba mabibo, kisha korosho zimeanikwa. Mwaka ukaeleweka bila kalenda.

Mengine kwa kifupi. Usikate ghafla kwenda kwenye kiganja kilichojaa skrini. Songa taratibu kutoka kwa mtu mzima, la sivyo mkono utaonekana umekatwa. Mshale usiutumie. Baada ya kila tendo tulia sekunde mbili au tatu. Na kabla ya kuchora fremu hata moja ya mwendo, chapisha picha kumi na mbili kwenye karatasi uende nazo kijijini, kwa sababu kurekebisha karatasi ni jioni moja na kurekebisha katuni ni wiki mbili.

Kuna jambo ambalo bado halijakaa sawa. Ile sarafu ya mia tano inafundisha vizuri mno. Kijiji cha pili, mzee mmoja alisimama akauliza kwa nini kikundi chao kilipata mia tatu tu kwa kila hisa, na kama mweka hazina amekula mia mbili. Katuni ilikuwa imekuwa ahadi. Nilijaribu kuongeza mwisho wa pili, wenye sanduku ambalo mikopo miwili haikurejeshwa na sarafu ikawa ndogo, lakini watu wakaziona sarafu mbili na kuuliza ipi ndiyo ya kweli. Kwa sasa tunaisimamisha video kabla ya mgao, na mwezeshaji anawauliza kikundi: mwaka jana, juu ya noti ya simba kulikuwa na nini? Wanajibu wenyewe, ndipo inaendelea. Inasaidia mwezeshaji akiwepo. Video ikizunguka peke yake kwenye simu za watu, bado inaahidi mia tano.