Kuuza kwa kifurushi na kupendekeza nyongeza kaunta: maana yake na hesabu yake

Mteja anayekuja dukani kununua simu ya 250,000 ameshalipa nauli, ameshazunguka maduka kadhaa na ameshafanya uamuzi. Kazi ngumu ya kumleta mpaka kaunta imekwisha. Swali linalobaki kwa mwenye duka ni kama mteja huyu ataondoka na simu peke yake, au na simu pamoja na vitu ambavyo atavihitaji kesho yake.

Kulijibu swali hilo kuna njia mbili zinazofanana ila si kitu kimoja. Kuuza kwa kifurushi ni kuunganisha bidhaa mbili au zaidi chini ya bei moja, kwa kawaida bei iliyo chini kidogo ya jumla ya bei zake zikiuzwa mojamoja. Bando la simu lenye dakika, SMS na MB ndani yake ni kifurushi ambacho kila mtu anakifahamu. Kupendekeza nyongeza ni jambo jingine: bei haipunguzwi, ila muuzaji anamtajia mteja kitu kinachoendana na alichokwisha kukichagua, wakati bado yuko kaunta. Kifurushi kinapangwa mapema na kubandikwa bei. Nyongeza inatoka mdomoni mwa muuzaji, dakika ile ile.

Tubaki na duka la simu, kwa sababu hapo sababu ya kufanya haya inaonekana waziwazi. Ushindani wa bei za simu ni mkali. Mteja akiona duka la jirani linauza kwa 5,000 pungufu anahama. Kwa hiyo faida ya simu yenyewe ni nyembamba. Tuseme simu hiyo ya 250,000 inamwachia mwenye duka 15,000. Sasa tazama kava: ananunua kwa jumla 3,000, anauza 8,000. Protekta ya kioo ananunua 1,500, anauza 5,000. Kava na protekta zikiuzwa pamoja na simu hiyo zinaongeza faida ya 8,500, yaani zaidi ya nusu ya faida ya simu yenyewe, kwa bidhaa zinazoingia kwenye kiganja. Bei hizi ni za mfano, lakini uwiano wake ndio ule ule unaowafanya wauza simu wengi wategemee vifaa vidogo kulipa kodi ya fremu.

Kwa nini kifurushi kifanye kazi ilhali kinapunguza bei? Maelezo bora niyajuayo yalitolewa mwaka 1963 na mchumi George Stigler wa Chuo Kikuu cha Chicago, alipokuwa akichambua kwa nini kampuni za filamu ziliwauzia wateja wao filamu kwa mafungu badala ya mojamoja. Hoja yake ni kwamba watu hawathamini vitu kwa kiasi kile kile. Ilete dukani kwetu. Asha anapenda simu yake ipendeze: yuko tayari kulipa 8,000 kwa kava, lakini protekta kwake haizidi 3,000. Juma anaogopa kupasua kioo: atatoa 5,000 kwa protekta, ila kava haoni kwa nini atoe zaidi ya 6,000. Ukiuza mojamoja kwa 8,000 na 5,000, Asha atanunua kava tu na Juma protekta tu. Umeuza 13,000. Ukiweka vyote viwili kwa 11,000, wote wawili wananunua, kwa sababu kila mmoja ukijumlisha thamani anazoziona anafika 11,000. Umeuza 22,000. Faida nayo imepanda kutoka 8,500 hadi 13,000, na hakuna aliyelipa zaidi ya kile alichoona kinastahili.

Hapo ndipo wengi wanapoishia, wanabandika karatasi ya ofa ukutani na kuamini kazi imekwisha. Tatizo ni kwamba miongoni mwa wateja kuna wale ambao wangenunua kava na protekta kwa bei kamili bila kubembelezwa. Hao umewapunguzia 2,000 kila mmoja bure.

Chukua mwezi ambao duka linauza simu 100. Kabla ya kifurushi, wateja 30 walikuwa wakichukua kava peke yake, 10 protekta peke yake, 10 vyote viwili, na 50 wakiondoka na simu tu. Faida ya nyongeza kwa mwezi ni 270,000. Sasa unaleta kifurushi cha 11,000, na bei za mojamoja unaziacha zilivyo. Wale 10 wa vyote viwili wanahamia kwenye kifurushi mara moja, na hapo umepoteza 20,000. Hasara hiyo inafidiwa na wanaohama kutoka kava peke yake: kava ilikuachia 5,000, kifurushi kinakuachia 6,500, kwa hiyo kila anayehama anaongeza 1,500. Ili kurudisha zile 20,000 unahitaji watu 14 kati ya wale 30 wahame. Wakihama watatu tu na wengine wasitikisike, faida yako ya mwezi inashuka hadi 254,500. Umeuza protekta nyingi zaidi, msaidizi wako amefurahi, na wewe umepata pungufu ya mwezi uliopita.

Wakihama 20 wa kava na watano wa protekta, na watano zaidi wakatoka kwa wale waliokuwa hawanunui chochote, hesabu inageuka: faida inafika 327,500. Kwa hiyo kabla ya kupanga bei ya kifurushi jiulize kwanza ni wangapi tayari wananunua vyote viwili. Wakiwa wengi, kifurushi ni punguzo tu ulilowapa watu wasioliomba. Wakiwa wachache, na wanaonunua kimoja wakiwa wengi, ndipo kina nafasi ya kulipa.

Kosa jingine la kupanga ni kutumia kifurushi kusukuma mzigo uliolala. Chaji ya mtindo wa zamani isiyoingia kwenye simu mpya, ukiifunga pamoja na kava nzuri, inaishusha thamani ya kava. Mteja anapiga hesabu haraka: hiki sikihitaji, basi bei hii imeongezwa. Na ukimnyima kabisa nafasi ya kununua kava peke yake, umeacha kumpa ofa na umeanza kumlazimisha. Kwa duka la mtaani njia salama ni kuacha bei zote tatu zionekane, ya kava, ya protekta na ya vyote viwili, mteja achague.

Nyongeza ya kaunta haina hasara ya punguzo, lakini ina utamu na uchungu wake katika namna inavyosemwa. Wakati wake ni mfupi: mteja ameshakubali simu, bado hajatuma pesa. Ukitaja kabla hajaamua, unamfanya aone gharama inapanda na anaweza kuahirisha simu yenyewe. Ukitaja baada ya kulipa, ameshafunga pochi. Swali la jumla kama “Unahitaji kitu kingine?” linajibiwa “hapana” karibu kila mara, maana mteja hana cha kukifikiria. Linganisha na hili:

“Dada, hii simu kioo chake kinafika mpaka ukingoni, ikidondoka kifudifudi kinapasuka. Nikuwekee protekta? Elfu tano, nakubandikia hapa hapa bila mapovu.”

Kimetajwa kitu kimoja, kwa sababu inayohusu simu aliyoishika, bei yake na kazi atakayofanyiwa. Ule ubandikaji ni sehemu kubwa ya kinachouzwa, kwa kuwa watu wengi wameshawahi kuharibu protekta wakijaribu wenyewe nyumbani. Akisema hapana, muuzaji anaandika risiti. Pendekezo la pili linaweza kuvumilika. La tatu linamfanya mteja ajihisi anawindwa, na mara nyingine hata salamu ya kuondoka haitoi. Bei nayo iwe ndogo mbele ya alichonunua. Elfu tano juu ya laki mbili na nusu haimsumbui mtu. Spika ya 90,000 inamlazimisha aanze kufikiri upya, na pengine kuomba simu apunguziwe.

Yote haya yanaanguka kama protekta ya simu hiyo haipo dukani. Hakuna pendekezo baya kuliko la kitu ambacho muuzaji anakwenda kukitafuta duka la tatu huku mteja akisubiri. Ndiyo maana orodha ya nyongeza inafuata orodha ya simu zinazotoka sana: kama simu tatu ndizo zinazotoka zaidi, protekta na kava za hizo tatu zisikatike, na za simu nyingine zinaweza kusubiri.

Kuna mpaka ambao ukivukwa jambo linakuwa udanganyifu, na mfano wake mkubwa unatoka Uingereza. Kwa miaka mingi mabenki ya huko yaliuza bima ya kulipia marejesho ya mkopo pamoja na mikopo na kadi za mkopo. Ilikuwa nyongeza ya kaunta kwa kila maana. Lakini wateja wengi waliuziwa bila kujua kwamba si lazima, na wengine walikuwa watu ambao kwa hali yao ya kazi bima hiyo isingewalipa kamwe. Malalamiko yalipofunguliwa, mabenki yalirudisha zaidi ya pauni bilioni 38, na siku ya mwisho ya kudai ilikuwa tarehe 29 Agosti 2019. Nyongeza ile ilikuwa imewapa faida nzuri kwa miaka, na kwenye vitabu vya hesabu haikuonyesha dalili yoyote ya ugonjwa.

Dukani dalili hizo zipo ukizitafuta. Usitazame wastani wa mauzo kwa risiti peke yake, maana unaweza kupanda kwa sababu wateja wadogo wameacha kuja. Andika mambo matatu kila siku kwenye daftari: simu ngapi zimetoka, ngapi kati ya hizo zimetoka na nyongeza, na nyongeza ngapi zimerudishwa. Kisha kokotoa faida ya nyongeza kwa kila simu, si mauzo. Katika mfano wetu ilikuwa 2,700 kabla ya kifurushi. Baada yake inapaswa kuizidi hiyo huku idadi ya simu ikibaki pale pale au ikipanda. Kama unamlipa msaidizi kamisheni kwa kila nyongeza, makato yawepo kwa kila kilichorudishwa, la sivyo atauza kava isiyoingia kwenye simu ili mradi imetoka.

Kujaribu kama kifurushi kinalipa hakuhitaji zaidi ya wiki mbili bila kifurushi na wiki mbili ukiwa nacho, ila ziwe wiki zinazofanana. Mwisho wa mwezi mishahara ikitoka, au wiki ya kuelekea Idi na Krismasi, nyongeza zinauzika zenyewe, na ukiipima ofa yako hapo utaipa sifa isiyo yake.