Vidonge Nyumbani au Mrija Wodini?

Mzee mmoja wa miaka 58 alikuja kliniki Jumatatu, mkono umeshika tumbo upande wa kushoto, chini ya kitovu. Homa ilikuwa 37.9, uji unapita bila kutapika, na tumbo lilikuwa laini isipokuwa pale panapouma. Siti skani ilionyesha vifuko vidogo vilivyotokeza kwenye ukuta wa utumbo mpana, kimoja kimevimba, usaha hakuna. Hiyo ndiyo daivatikulaitisi. Tulipokuwa masomoni tuliambiwa ni ugonjwa wa Wazungu. Siku hizi mashine zinatuumbua.

Alirudi nyumbani na vidonge vya amoksilini-klavulaniki vya siku 5, parasetamoli na vyakula laini. Wapo wenye afya nzuri wanaopona hata bila antibayotiki, ila huo ni uamuzi wa daktari aliyeiona picha. Ibuprofeni na daiklofenaki nilimkataza, maana huongeza hatari ya kifuko kutoboka. Nikampa sharti: ndani ya siku 2 hadi 3 maumivu yawe yameanza kupungua. Yasipopungua, homa ikipanda au akianza kutapika, arudi hata usiku wa manane. Angekuwa anatumia steroidi au dawa za saratani ningemlaza siku ileile, kwa sababu wagonjwa hao tumbo huweza kuharibika huku wakisema panauma kidogo tu.

Alhamisi alirudi anatetemeka, homa 39. Picha ya pili ilionyesha jipu la sentimita 5 kando ya utumbo.

"Dokta, si umpe tu dawa kali zaidi?" binti yake akauliza.

Tulimwanzishia dawa za mshipani, lakini peke yake zisingetosha. Dawa husafiri na damu, na katikati ya usaha hakuna mishipa ya damu, kwa hiyo huishia kwenye ganda la jipu. Jipu la chini ya sentimita 3 mara nyingi hunywea kwa dawa tu. Likizidi 3 au 4, na sindano ikipata njia salama, usaha utolewe.

Tulimchoma ganzi kwenye ngozi, tukaingiza sindano tukiifuata kwenye ultrasaundi, kisha waya mwembamba, na mrija ukapita juu ya waya. Zilitoka mililita 60 hivi, zikinuka choo. Kesho yake homa ilikuwa imeshuka. Mrija uliendelea kusafishwa kwa maji ya chumvi, na ulipotoa chini ya mililita 10 kwa siku, tuliuondoa. Mrija ukikauka ghafla na homa ingalipo, usishangilie: umeziba au umehama.

Jipu la kidole tumbo nalo hupimwa kwa mizani hiyohiyo. Tumbo likiwa gumu kama ubao, hapo utumbo huenda umetoboka wazi, na mrija si tiba tena. Ni chumba cha upasuaji.

Wiki ya 7 tulimwingizia kamera kwenye utumbo mpana, kwa kuwa saratani nayo huweza kuonekana vivyo hivyo kwenye picha. Hakuwa nayo.