Saa janja baada ya safari ndefu: hatua, usingizi na kigimbi kilichovimba

Nimerudi Dodoma kutoka Guangzhou. Siku ya kwenda saa imeandika hatua 3,900, siku ya kurudi 13,000. Imeharibika?

Nzima kabisa. Saa janja hufuata muda wa simu, na lengo la siku huanza sifuri saa sita usiku ya mahali simu ilipo. China wako mbele yetu kwa masaa 5. Tuseme uliondoka Dar Jumatatu jioni, ukatua Guangzhou Jumanne saa tano asubuhi ya kule. Huku ilikuwa saa kumi na mbili alfajiri. Simu ikitoka kwenye hali ya ndege na kupata mtandao, inaruka masaa 5 mbele na saa inaifuata. Usiku wa manane wa China ulipofika, huku ilikuwa saa moja jioni, na Jumanne yako ikafungwa ikiwa na masaa 19, ambayo 6 ya kwanza ulikuwa umekaa kitini. Wakati wa kurudi, siku inanyooka hadi masaa 29. Usijilaumu kwa ile, usijisifu kwa hii. Tazama jumla ya wiki.

Kwenye ndege imeniandikia nimelala masaa sita, na mimi nilikuwa naangalia filamu.

Saa haijui kama umelala. Inachojua ni kwamba mkono umetulia na mapigo ya moyo yameshuka, basi mtu aliyefungwa mkanda gizani inamhesabia usingizi. Tatizo ni wale wanaoiamini, wanatua Dar na kushika usukani kuja Dodoma, zaidi ya kilomita 400. Panda treni ya SGR au basi, usinzie huko.

Mwili hurekebika kwa takribani siku moja kwa kila saa moja ya tofauti. Siku za mwanzo utasinzia mapema jioni na macho yatafunguka saa nane usiku. Kaa kwenye mwanga wa jua la jioni, itasaidia.

Saa nne na nusu usiku nilikuwa nimebakiza hatua 4,000 kufikia lengo la 10,000, nikazunguka uani mpaka zikatimia.

Hizo ni kama dakika 40 za kutembea, wakati mwili wako ulikuwa bado unahesabu saa tisa na nusu usiku. Umeuchelewesha usingizi kwa ajili ya namba. Na hiyo 10,000 yenyewe ilianza kama jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Si kipimo kilichotoka maabara. Shusha lengo kwa wiki hiyo.

Kigimbi cha kushoto kimevimba na kinauma tangu nirudi. Nadhani ni kukosa mazoezi, nikitimiza hatua siku mbili tatu si kitapungua?

Hapana. Nenda hospitali leo, si baada ya siku tatu.

Miguu yote miwili kuvimba kidogo baada ya safari ni kawaida, na hupungua ukilala ukiwa umeiinua. Mguu mmoja ni habari nyingine. Ukikaa zaidi ya masaa 4 magoti yakiwa yamekunjwa, damu hupita polepole na inaweza kuganda kwenye mshipa wa ndani. Bonge hilo likikatika na kupanda kwenye mapafu, linaua. Hatari haiishi siku ya kutua, inaendelea kwa wiki kadhaa.

Chukua futi ya fundi cherehani, pima kila kigimbi sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti. Tofauti ikizidi sentimita 3, uzito wa shaka umeongezeka. Isipofika 3 lakini mguu unauma na una joto, bado nenda.

Na tafadhali, usichuliwe. Si kwa mafuta, si kwa maji moto, si na bibi mwenye mkono mwepesi. Kuchua kunaweza kulikata bonge hilo.

Lakini saa inaonyesha mapigo ya kawaida na oksijeni 97.

Hapana, tena. Saa iko mkononi, bonge liko mguuni, na hakuna kifaa cha mkononi kinachoweza kuliona. Linaonekana kwa ultrasaundi ya mishipa ya mguu. Likikutwa utapewa dawa za kuzuia damu kuganda, kwa kawaida si chini ya miezi 3. Pumzi zikianza kubana, kifua kikichoma unapovuta hewa, au ukikohoa damu, usisubiri hata asubuhi: ni dharura.

Nimwonyeshe daktari rekodi za saa?

Mwonyeshe grafu ya siku ya safari, sehemu isiyo na hatua. Itamwambia ulikaa masaa mangapi bila kunyanyuka. Mtajie na muda wa simu ulivyobadilika, asije akasoma masaa 5 yaliyorukwa kana kwamba ulikuwa umekaa.