Mafuta ya kupikia si mazito: neno unalolitafuta ni mnato

Wiki iliyopita mteja kaniambia tena: "Mafuta yako mepesi mno, yaongezee uzito kidogo." Kazi yenyewe ni tangazo la sekunde 6, mafuta ya alizeti yanamiminika kutoka kwenye chupa hadi kwenye kikaango. Mafuta hayo si ya kweli, yametengenezwa kwenye kompyuta kwa programu ya Blender. Kijana ninayefanya naye kazi akaongeza alichodhani ni uzito, akarudi na kitu kilichoshuka polepole na kujikunja chini kama kamba inayowekwa sakafuni. Asali. Ukiikaangia kitunguu utapata peremende.

Basi tuseme mara moja. Mnato ni ukinzani wa kimiminika dhidi ya kutiririka kwake chenyewe, yaani jinsi tabaka moja la kimiminika linavyolishikilia tabaka la jirani lisiteleze. Uzito, kwa maana ya densiti, ni kiasi cha maada kilichomo ndani ya ujazo fulani. Ni mambo mawili, na moja halikuambii lolote kuhusu lingine.

Ushahidi uko jikoni. Tia mafuta kwenye maji, yataelea. Lita ya maji ni kilo 1, lita ya mafuta ya alizeti ni kama gramu 920. Mafuta ndiyo mepesi! Lakini kwenye joto la nyuzi 20 mnato wake ni zaidi ya mara 60 ya ule wa maji. Zebaki nayo ni kinyume chake: lita moja inapita kilo 13, na bado inakimbia kwenye sahani karibu kama maji.

Lawama naitupa kwa kivumishi *-zito*, ambacho tumekibebesha kazi za kijiji kizima. Mzigo mzito, hapo ni mizani. Uji mzito, hapo ni mnato, maana hakuna anayeupima kwa kilo. Rangi nzito, hapo ni kukolea. Usingizi mzito na mja mzito tuwaache wapumzike. Kwenye mitambo ya umeme "mafuta mazito" ni jina la aina ya mafuta, yale meusi yanayobaki baada ya petroli na dizeli kutolewa, na kwa bahati hayo yana densiti kubwa na mnato mkubwa kwa pamoja, ndiyo maana yanazidi kuwachanganya watu.

*Mnato* kwa upande wake limetoka kwenye *nata*, kitenzi cha ulimbo, gundi na utomvu wa fenesi vidoleni. Linakaa vizuri jirani na vitenzi vya kushikana: ambata, kamata, fumbata, kumbatia. Ila na lenyewe lina mtego mdogo. Mtu akisikia mnato anafikiria kunata kwenye kidole, na hilo silo. Lile tone la mafuta linalochuruzika ubavuni mwa chupa na kuchafua karatasi ya nembo limeshikwa na chupa. Mnato ni kimiminika kunatana na nafsi yake. Ungekuwa unaitwa *mnatano* nisingekuwa naandika haya.

Waliokulia kwenye baridi ya Njombe au Makete wanalijua jambo hili bila fizikia. Mafuta ya mawese yale yale yanayomwagika vizuri Dar es Salaam, mwezi wa Julai kule juu yanagoma kutoka kwenye dumu, mpaka uliweke karibu na jiko. Wenyeji watasema yameganda, au yamekuwa mazito. Weka dumu kwenye mizani: kilo ni zile zile. Sehemu ya mafuta imeganda kweli, na kilichopanda ni mnato. Na ukienda upande wa pili, mafuta ya alizeti kwenye kikaango cha moto wa kukaangia yanakuwa laini karibu kama maji. Mafuta yanayogusa chuma cha moto hutandaa haraka, hayatuami kama tope.

Sasa turudi kwenye tangazo. Kwenye Blender namba ya mnato inawekwa baada ya kugawanywa kwa densiti. Hapa tu ndipo uzito unapoingia mlangoni, na unatoka hapo hapo. Mafuta ya alizeti ya joto la chumba yanakuwa takriban hivi:

```
Base: 7.0
Exponent: 5
```

Maana yake 7 ikiwa kwenye nafasi ya tano baada ya nukta, kwa mita za mraba kwa sekunde. Kwa hiyo `Exponent` ikipungua mnato unapanda: asali inakaa kwenye `Exponent` ya 3. Kijana wangu alikuwa amefika huko.

Namba hiyo ikishawekwa sawa, mafuta yakiendelea kuonekana ya uongo kosa halipo kwenye mnato. Mara nyingi lipo kwenye ukubwa wa kikaango. Mafuta yakianguka sentimita 25 yanafika chini kwa chini ya robo ya sekunde. Ukichora kikaango kikubwa mara kumi, kwa kuwa hukujali vipimo, mwanguko unakuwa mita 2 na nusu na unachukua karibu sekunde 0.7. Mtazamaji hapimi, lakini jicho lake linasema "haya yanakwenda polepole", na mteja anatafsiri polepole kuwa mazito. Kamera halisi za kupiga picha nyingi kwa sekunde zinaleta udanganyifu ule ule. Polepole si mnato.

Kingine ni umbo la mkondo. Kitu kinachoanguka kinaongeza kasi, na kwa kuwa kiasi kinachopita juu na chini ni kile kile, mkondo lazima uwe mwembamba kadiri unavyoshuka. Chukua mkondo wa milimita 8 mdomoni mwa chupa, ukitoka kwa nusu mita kwa sekunde. Baada ya sentimita 25 una kasi ya zaidi ya mita 2 kwa sekunde, na unene wake umeshuka chini ya milimita 4. Mkondo ulio sawa juu hadi chini kama bomba la plastiki, mtu yeyote aliyewahi kununua mafuta ya kupima dukani atahisi kuna kitu hakiko sawa, hata asipoweza kukitaja. Ila ujue kompyuta inakata nafasi vipande vipande: ukiipa vipande vya milimita 4, mkondo huo utakatika kuwa shanga, na utaambiwa tena kwamba mafuta ni "mepesi". Vipande vinatakiwa vya milimita 1 au chini yake. Kompyuta italia usiku kucha, iache ilie.

Nilimpigia mteja simu. Nikamuuliza, "Kaka, uzito upi?" Akafikiri kidogo. "Yale ya dukani yana dhahabu. Haya yako yamepauka."

Rangi nzito! Siku nne tulikuwa tunahangaika na mwendo wa mafuta, kumbe mtu anaongelea kukolea. Na rangi ya mafuta haipo juu ya ngozi yake, ipo ndani, inakolea kadiri mwanga unavyopita kwenye unene mkubwa. Ndiyo maana mafuta ndani ya chupa ni dhahabu na mkondo wake mwembamba ni wa manjano hafifu. Tuliipaka rangi ndani ya ujazo badala ya juu, tukaikoleza kidogo, na mkondo tukauacha upauke kwa chini kama unavyopauka kweli. Mnato ukabaki 7.0.

Kwa hiyo, ndugu zangu wateja na wenzangu wa studio, uji wenu endeleeni kuuita mzito, hakuna atakayewakamata. Kwenye mafuta, nawaomba mniambie mnataka mnato, mwendo au rangi.